Barua ya wazi kwa wenye maghorofa ya Dar es Salaam: asiyeweza kushuka ngazi atashushwa na nani?

Kwa wamiliki na mameneja wa majengo marefu jijini, na kwa Kamishna Jenerali wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Salaam.

Karibu kila jengo refu ninaloingia kwa kazi yangu ya usalama mahali pa kazi lina bango pembeni ya lifti: wakati wa moto usitumie lifti, tumia ngazi. Agizo hilo ni sahihi. Umeme ukikatika lifti hukwama katikati ya ghorofa, tundu lake huvuta moshi juu kama dohani, na wakati mwingine milango yake hufunguka kwenye ghorofa ileile inayoungua. Lakini msomaji wa bango hilo akiwa ameketi kwenye kiti mwendo, au akiwa mzee ambaye magoti yamekataa, bango linamwambia abaki alipo. Hakuna maandishi mengine ukutani yanayomweleza afanye nini. Nikimuuliza meneja wa jengo, jibu huwa moja kati ya mawili: "Wenzake watambeba," au "Zimamoto watakuja kumchukua."

Barua hii ni juu ya majibu hayo mawili, na juu ya kile kinachotakiwa kuwepo badala yake.

Nianze na tukio ambalo dunia nzima inalifahamu. Septemba 11, 2001, katika mnara wa kaskazini wa Kituo cha Biashara cha Dunia jijini New York, walikuwemo wanaume wawili waliokuwa wakitumia viti mwendo. Mmoja alikuwa mhasibu ghorofa ya 69, amepooza mikono na miguu. Mwingine alikuwa ghorofa ya 27. Kwa hesabu ya kawaida, wa ghorofa ya 27 ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri zaidi. Ndege ililigonga jengo saa 2:46 asubuhi kwa saa zao, na mnara ulianguka saa 4:28. Yule wa ghorofa ya 69 alitoka hai, dakika chache kabla ya mnara kuanguka. Yule wa ghorofa ya 27 alifia ndani, pamoja na rafiki yake aliyekataa kumwacha.

Kilichowatofautisha kilikuwa kimeandaliwa miaka mingi kabla. Mwaka 1993 jengo hilohilo lilipigwa bomu, na mhasibu yule alikuwemo siku hiyo pia. Kumshusha kulichukua saa kadhaa. Baada ya hapo mamlaka iliyomiliki jengo ilinunua viti vya uokoaji, vile vinavyoshuka ngazi, na kimoja kiliwekwa karibu na ofisi yake. Mwaka 2001 wafanyakazi wenzake wapatao kumi walikitumia, wakipokezana ghorofa baada ya ghorofa, kwa muda wa kama saa moja na nusu. Yule wa ghorofa ya 27 alikuwa mtu wa mwili mkubwa, hakubebeka kwa urahisi, na alisubiri askari wa zimamoto. Askari walimfikia. Walikuwa naye. Muda ndio uliowaishia wote.

Kwa hiyo jibu la "Zimamoto watakuja" siyo mpango. Askari wetu wakipigiwa 114 wanatoka mara moja, lakini kati yao na Kariakoo au Posta kuna foleni, magari yaliyoegeshwa hovyo na njia za uchochoroni. Wakifika wana kazi ya kutafuta moto ulipo, kupandisha maji, kuvaa mitungi ya hewa na kupanda ngazi zilezile ambazo watu wanashuka. Nchini Uingereza sheria imeliweka jambo hili wazi kabisa: mwenye dhamana ya jengo ndiye anayepaswa kupanga namna kila mtu atakavyotoka, na haruhusiwi kupanga kwa kutegemea kwamba kikosi cha zimamoto kitakuja kumalizia. Hilo ndilo ninaloomba liingie vichwani mwenu kabla sijasema kingine.

Sasa nije kwenye eneo la kusubiria uokoaji, kwa sababu hapo ndipo ninapoona makosa mengi. Baadhi ya majengo mapya jijini yanalo. Ni nafasi ndani ya chumba cha ngazi, au kwenye ukumbi mdogo unaotangulia ngazi, iliyozungukwa na kuta na mlango wa kuzuia moto, ambapo mtu asiyeweza kushuka anaweza kukaa kwa muda bila kufikiwa na moshi. Vipimo vinavyotumika sana ni angalau sentimita 90 kwa 140 kwa kila kiti mwendo, na nafasi hiyo iwe ya ziada, ili aliyekaa pale asibane njia ya wanaoshuka. Kuta na mlango vinatakiwa kuhimili moto kwa dakika zisizopungua 30. Ukutani kuwe na kifaa cha kuongea na walinzi mapokezi, kwa kubonyeza kitufe tu, kikiwa na betri yake ili kiendelee umeme ukizimwa.

Tazameni nilichokisema: kwa muda. Eneo hilo ni kituo cha njiani. Linampa mtu hewa safi wakati umati unapita, linawapa wasaidizi wake nafasi ya kufungua kiti cha uokoaji, na linampa meneja dakika za kujua moto uko wapi. Halimwokoi mtu peke yake. Usiku wa Juni 14, 2017, katika jengo la makazi la Grenfell jijini London, lenye ghorofa 24 na ngazi moja tu, wakazi waliambiwa wakae ndani ya nyumba zao kwa kuwa jengo lilitarajiwa kuuzuia moto usitoke nyumba moja kwenda nyingine. Simu ya kwanza ilipigwa kabla ya saa saba usiku. Moto ulipanda kwenye kuta za nje, na agizo la kukaa ndani halikubadilishwa mpaka saa nane na dakika 47. Walikufa watu 72. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya wakazi 37 waliokuwa na ulemavu, 15 walikufa. Hakuna aliyekuwa ameandika popote namna ya kuwashusha, na askari waliofika hawakuwa na orodha ya kuwaambia nani yuko wapi na ana shida gani.

Mahali pa kusubiria panategemea kuta na milango kubaki jinsi ilivyojengwa. Hapa kwetu mlango wa ngazi ndio unaoteseka zaidi. Wafanyakazi wanauwekea tofali au mtungi wa kuzimia moto ili ubaki wazi, upepo upite na chai ipite. Fundi wa nyaya za intaneti anatoboa ukuta juu ya dari na kuondoka bila kuziba. Katika jengo moja nililokagua, nafasi iliyochorwa alama ya kiti mwendo ilikuwa imepangwa madumu ya maji ya kunywa na katoni za karatasi mpaka kiunoni, na mlango wa chini wa ngazi ulikuwa na kufuli kwa sababu ya wezi. Ukitaka kujua kama eneo lenu la kusubiria ni la kweli, fanyeni hivi: simameni ndani yake, fungeni mlango, mzime taa za ukumbi wa nje, kisha mtazame pembezoni mwa mlango mkiwa na mtu anayemulika tochi upande wa pili. Mnapoona mwanga unapenya kwenye uwazi mkubwa, moshi nao utapita hapo. Mlango usiojifunga wenyewe mpaka ukagota na kushika komeo ni mlango wa kawaida, hata kama umeandikwa vinginevyo.

Jambo la pili ni kiti chenyewe cha uokoaji. Nimekiona kwenye majengo machache, kimefunikwa kwa kifuniko cha njano ukutani, na mara nyingi hakuna hata mtu mmoja kwenye ghorofa anayejua kukifungua. Kiti hiki ni chepesi, kama kilo kumi, na hukunjwa. Kikifunguliwa kina magurudumu madogo ya kusukumia kwenye sakafu, na nyuma yake kina mikanda miwili ya mpira. Kwenye ngazi msaidizi hukilaza nyuma, mikanda inalala juu ya kingo za ngazi mbili tatu kwa pamoja, na msuguano wake ndio unaokishika. Uzito wa aliyekaa unakandamiza mikanda na kukifanya kishuke taratibu, hivyo msaidizi haubebi uzito huo mikononi. Anaongoza. Ndiyo maana mwanamke wa kilo 60 anaweza kumshusha mwanamume wa kilo 90, akiwa amefunzwa. Viti vingi vya aina hii hubeba hadi kilo 180 hivi. Kikomo cha kila kimoja kimeandikwa kwenye kibandiko chake.

Kina mipaka yake, na muuzaji hatakutajieni yote. Kile cha kawaida kinashuka tu, hakipandi. Kwa hiyo mkikutana na moshi ngazini hamwezi kugeuza. Hakifai kwenye ngazi za kuzunguka, wala kwenye ngazi ambazo kina cha hatua hubadilika katikati, jambo ambalo mafundi wetu hulifanya mara nyingi kwenye hatua ya mwisho ya chini. Kinahitaji nafasi ya kugeukia kwenye kila kituo cha ngazi. Na aliyekaa ni lazima aweze kukunja nyonga na kuketi. Mwenye nyonga iliyokakamaa, au mwenye mikazo mikali ya misuli, huenda asikae humo kwa usalama, na yeye anahitaji kifaa kingine, kama godoro au shuka imara la kuburuzia lenye mikanda. Halafu kuna hatari ambayo watu hawaifikirii: mtu aliyeumia uti wa mgongo na asiyehisi miguu anaweza kupata vidonda kwa kukaa muda mrefu kwenye kitambaa kigumu. Mto wake wa kukalia ushuke naye. Na akifika chini hana tena kiti mwendo chake, kimebaki ghorofa ya saba. Pasipo kiti cha akiba mapokezi, atakaa kwenye kitu ambacho hawezi kukisogeza mwenyewe, barabarani, juani, kwa saa nzima.

Niwaonyeshe sasa jinsi mambo haya yanavyoungana. Huu ni mfano nilioutunga, lakini majengo ya namna hii mnayo kwa wingi. Jengo la ofisi, ghorofa tisa, ngazi mbili, moja kila mwisho wa ukumbi: tuziite A na B. Ghorofa ya saba yuko mhasibu wa miaka 34, anatumia kiti mwendo, ana kilo 70, na mikono yake ina nguvu ya kutosha kujihamisha kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Saa nne na dakika ishirini asubuhi jiko dogo la ghorofa ya nne linashika moto. King'ora kinalia.

Mpango wake uliandikwa naye mwenyewe, akiwa ameketi na msimamizi wa ghorofa. Aliulizwa anaweza nini, hawezi nini, anataka ashikwe vipi na asishikwe wapi. Ana wasaidizi wanne walioandikwa majina. Kwa nini wanne, wakati wanaohitajika ni wawili? Kwa sababu mmoja yuko likizo, mwingine kaenda benki, na Ijumaa mchana wawili wanaweza kuwa msikitini. Mpango wenye jina moja ni mpango unaofanya kazi siku mtu huyo akiwepo. Wote wanne wanakaa ghorofa ileile. Mtu wa ghorofa ya pili hawezi kuwa msaidizi wa mtu wa ghorofa ya saba, maana atapanda akipishana na watu mia mbili wanaoshuka.

King'ora kikilia, wasaidizi ndio wanaomfuata alipo, hata kama ni msalani. Hawasubiri aite. Mmoja anatangulia kwenye ngazi B na kuugusa mlango kwa mgongo wa mkono kabla ya kuufungua. Ni baridi, hakuna moshi. Wanaingia eneo la kusubiria na kufunga mlango nyuma yao. Msaidizi anabonyeza kifaa cha ukutani na kusema maneno matatu yanayohitajika: ngazi B, ghorofa ya saba, watu watatu. Mlinzi mapokezi anaandika, na anajibu kwa jambo moja muhimu: moto uko ghorofa ya nne, karibu na ngazi A.

Hapo ndipo thamani ya dakika mbili za kusubiri inapoonekana. Umati unapita kwanza. Mkianza kushusha kiti katikati ya umati, walio nyuma watawasukuma na walio mbele watasimama kuangalia. Na mkijua moto uko upande wa A, mnajua pia kwamba mkipita ghorofa ya nne kwenye ngazi B mtakuta hewa safi, mradi mlango wa ghorofa hiyo umefungwa. Kama moto ungekuwa upande wa B, wangetoka hapo mapema, wakapita ukumbini kwenda ngazi A wakati ukumbi bado haujaingia moshi. Ndiyo sababu kiti kimoja cha uokoaji upande mmoja wa ghorofa hakitoshi. Kiwepo kwa kila ngazi, au mahali ambapo kinafikika bila kujali moto uko upande gani.

Watu wakipungua, wanafungua kiti. Kinawekwa sambamba na kiti mwendo, breki zimefungwa vyote viwili, anajihamisha. Mto wake unawekwa kwanza. Mkanda wa kifua, mkanda wa mapaja, mkanda wa kichwa. Msaidizi wa nyuma anakisogeza mpaka kwenye ukingo wa ngazi, anakilaza nyuma, na kukisukuma kwa uthabiti mpaka mikanda ya mpira ishike kingo. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo inayoogopesha. Asiyewahi kuifanya husita nusunusu, kiti kikasimama wima kupita kiasi na kutaka kuinuka mbele. Msaidizi wa pili anashuka akiwa mbele, ngazi mbili chini, akimtazama usoni na kumwambia kinachofuata. Kwenye kituo cha ngazi kiti kinarudi kwenye magurudumu yake, kinageuzwa, kinaanza tena. Walioshazoea huchukua kama nusu dakika kwa ghorofa moja. Ghorofa saba, pamoja na kuhamisha na kufunga mikanda, ni dakika sita au saba. Askari wa zimamoto wanapofika getini, wanaambiwa hakuna aliyebaki ghorofa ya saba, na nguvu zao zinakwenda kwenye moto.

Linganisheni na ile "watambeba". Wanaume wanne wamemshika mikono na miguu, au wamenyanyua kiti mwendo chenyewe, ambacho kama ni cha umeme kinazidi kilo mia. Ngazi ina upana wa mita moja na kidogo. Hawaonani miguu, hawaoni hatua, mmoja akiteleza wote wanaanguka, na aliyebebwa ndiye anayetangulia chini. Nimewaona watu wakijaribu hivyo kwenye zoezi, bila moshi wala hofu, wakaishiwa pumzi ghorofa ya pili.

Kiti kisipofanyiwa mazoezi hakina maana. Mtu anatakiwa akiendeshe kwanza kikiwa kitupu, kisha akiwa na mwenzake mzima aliyejitolea kukalia, na arudie angalau mara mbili kwa mwaka. Mwenye ulemavu asilazimishwe kukalia kwenye zoezi. Apewe nafasi ya kuchagua, kwani wengine wanataka kukijua kabla ya siku yenyewe na wengine zoezi lenyewe linaweza kuwaumiza. Lakini kwenye zoezi lote asiachwe mezani kwake "kwa kuwa ni zoezi tu". Kumwacha kunawafundisha wasaidizi wake kwamba kumwacha ndiyo utaratibu.

Si wote wanaohitaji kiti. Kiziwi hatasikia king'ora. Anahitaji taa za tahadhari zinazowakawaka, mpaka msalani, na mtu wa kumgusa bega na kumwonyesha njia. Asiyeona anaweza kushuka haraka kuliko wengi wetu endapo ameshaijua ngazi hiyo kwa mguu wake. Ashike kiwiko cha msaidizi, asivutwe mkono. Mwenye pumu, mjamzito wa miezi ya mwisho, aliyevunjika mguu wiki iliyopita: hawa hawajiiti walemavu na hawatajiandikisha mkiwauliza kwa neno hilo. Waulizeni hivi: je, unaweza kushuka ngazi zote mpaka chini bila msaada na bila kusimama?

Sasa nizungumzie nyumbani, kwa sababu wazee wetu hawako maofisini. Upanga, Kariakoo, Masaki, Mikocheni, familia nyingi zimehamia kwenye nyumba za ghorofa, na mtoto aliyepata nafasi amemleta mama yake kutoka Singida au Tanga aje atibiwe na apumzike. Saa tano asubuhi siku ya kazi, ghorofa ya nane, ndani yuko bibi wa miaka 80 na dada wa kazi wa miaka 19. Lango la chuma la mlangoni limefungwa kwa kufuli. Wenzake wa ofisi hawapo. Msimamizi wa ghorofa hayupo. Mlinzi yuko getini anafungua magari. Bibi huyu akiishi hapo kwa miaka mitatu, uongozi wa jengo unajua ada ya huduma inayolipwa na nyumba yake hadi senti, na haujui kama anaweza kushuka ngazi.

Kwa nyumba hizi mpango ni mdogo kuliko wa ofisi, lakini unaandikwa vilevile. Uongozi uulize kila nyumba, mara moja kwa mwaka na kila anapohamia mpangaji mpya, nani asiyeweza kushuka mwenyewe mchana na nani usiku, maana majibu hutofautiana. Majirani wawili wa ghorofa hiyo wanaokuwepo mchana waombwe kuwa wasaidizi wake, kwa majina, na wafahamiane naye. Hili lina uzito wa pekee kwa mzee mwenye tatizo la kusahau. Mgeni aliyevaa kofia ya chuma akimwambia atoke anaweza kukataa kabisa, lakini atamfuata jirani anayemletea vitumbua. Ufunguo wa lango la chuma ukae ndani, mahali pamoja panapojulikana, ambapo dada ataushika gizani. Kiti cha uokoaji kiwe ghorofani na siyo kwenye ofisi ya chini. Mlinzi wa usiku na wa mchana wote wafundishwe kukitumia, kwa kuwa hao ndio pekee wanaokuwepo siku zote.

Wazee wengi hawahitaji hata kiti. Wanaweza kushuka wakiwa na pa kushika na pa kupumzikia. Kwao kinachookoa ni chuma cha kushikia pande zote mbili za ngazi, kisichokatika kwenye vituo, taa za dharura zenye betri, na msaidizi anayetembea hatua moja chini yake, upande wa nje, akiacha wenye haraka wapite upande wa pili.

Na orodha iwepo mahali askari watakapoiona. Baada ya Grenfell, tangu Januari 2023 majengo marefu ya makazi nchini Uingereza yanatakiwa kuwa na kisanduku imara chini ya jengo chenye ramani na taarifa za jengo ambacho kikosi kinaweza kukifungua. Kanuni zao za mwaka 2025 zimeongeza wajibu wa kuwatambua wakazi wasioweza kutoka wenyewe na kukubaliana nao namna ya kutoka. Ilichukua miaka minane baada ya vifo vile, na serikali yao iliwahi kulikataa pendekezo hilo mwaka 2022 kwa madai ya gharama. Hatuna sababu ya kupitia mzunguko huohuo. Taarifa hizi ni za siri za watu, kwa hiyo ziandikwe kwa ufupi: nyumba namba fulani, ghorofa fulani, mtu mmoja, hatembei, kilo kadhaa, ngazi iliyo karibu. Ugonjwa wake hauwahusu walinzi.

Kamishna Jenerali, sehemu hii ni yako. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 11 cha mkataba huo kinaitaka serikali kuwalinda wakati wa hatari na dharura. Tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Tunayo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, inayowapa maofisa wako mamlaka ya kukagua majengo, na jengo hupewa cheti. Ninachoomba kinaweza kuanza kwenye ukaguzi huohuo. Mkaguzi akishahesabu mitungi na kujaribu king'ora, aombe mambo matatu zaidi. Aonyeshwe mipango iliyoandikwa ya watu wasioweza kushuka ngazi, na kama meneja atasema "hatuna watu hao", aulizwe aliwauliza lini. Achague ghorofa mwenyewe, bila taarifa, na amwombe mfanyakazi yeyote aliyeorodheshwa kama msaidizi akifungue kiti cha uokoaji na kumshusha mkaguzi huyo ghorofa moja. Kisha aingie eneo la kusubiria, afunge mlango, abonyeze kifaa cha kuongea, na aone kama kuna atakayepokea.

Jengo lisiloweza kufanya hayo matatu lisipewe cheti mpaka liweze. Kwa jengo la zamani lisilo na eneo la kusubiria, ambalo kulijenga upya haiwezekani, lipo linalowezekana wiki hii: mfanyakazi anayetumia kiti mwendo ahamishiwe dawati lake ghorofa ya chini, na mpangaji mzee apewe kipaumbele nyumba ya ghorofa ya kwanza ikiwa wazi. Akikataa ni haki yake, na wajibu wa kumpangia njia ya kutoka unabaki palepale.

Wamiliki na mameneja, mnaponunua viti, nunueni pamoja na mafunzo na ukaguzi wa kila mwaka. Mikanda ya mpira hukauka na kupasuka kwenye joto letu, na breki hulegea. Kabla ya kulipa, leteni kiti kimoja kwenye ngazi zenu wenyewe na mkijaribu kuanzia juu mpaka chini. Msikubali kuonyeshwa kwenye ngazi za muuzaji.

Nipo tayari kuja kwenye jengo lolote litakaloniita, bila malipo, kukaa na msimamizi wa ghorofa na mtu mmoja anayehitaji mpango, tukauandika pamoja na kuujaribu siku hiyohiyo. Ombi langu la kwanza kwa kila meneja ni moja: kabla ya mwisho wa mwezi huu, niandikie orodha ya ghorofa zako, na mbele ya kila ghorofa idadi ya watu ambao hawataweza kutii lile bango lililo pembeni ya lifti.

Wenu katika kazi,

Mshauri wa usalama mahali pa kazi,
Dar es Salaam